Kauli, vipande au mkao: kipi kikusaidie maumivu yakianza Mweka?

Marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi ni mbio nzuri ya kupimia mbinu za kichwa, kwa sababu inaumiza kwa namna mbili tofauti ndani ya siku moja. Nusu ya kwanza haina tabu kubwa: unatoka barabara ya Dar es Salaam, unageuza, unarudi mjini. Kisha njia inaelekea Mweka na kuanza kupanda, si kwa ukali bali kwa ung'ang'anizi, hadi kwenye geuzo lililo karibu na kilomita ya 32. Kutoka hapo ni mteremko wa kilomita kama 10 mpaka uwanjani. Mpando unakula pumzi na subira. Mteremko unakula mapaja. Mtu wa saa nne na nusu hukutana na yote mawili jua likiwa limeshachomoza vya kutosha.

Wakimbiaji hutumia mbinu kuu tatu kwa muda huo: kujiambia kauli fupi, kuigawa njia iliyobaki vipande vipande, na kupeleka akili kwenye mkao wa mwili unavyokimbia. Watu huzitaja kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kila moja inatibu shida yake, na ukiipeleka kwenye shida isiyo yake inaweza kukuongezea mzigo. Nitazilinganisha kwa njia ileile ya Mweka, kisha niseme ningechagua ipi na wapi.

Kabla ya hapo, tutenganishe vitu viwili ambavyo mkimbiaji aliyechoka huvichanganya. Kuna maumivu, yaani mapaja yanayowaka, nyayo zinazochoma, kiuno kilichokaza. Na kuna ugumu, yaani ile hisia kwamba kasi ya dakika 6 kwa kilomita, uliyoibeba asubuhi bila kuiwaza, sasa inadai nguvu zako zote. Wengi wanaoacha kukimbia hawasimamishwi na maumivu. Wanasimamishwa na ugumu ukichanganyika na hesabu ya njia iliyobaki. Ndiyo maana swali la kwanza si "nifanye nini nisiumie" bali "hapa kinachonishinda ni nini hasa?"

Vipande

Nianze na vipande kwa sababu ndiyo mbinu ninayompa mtu anayekimbia marathoni kwa mara ya kwanza. Haihitaji mazoezi mengi, na inagusa moja kwa moja kile kinachomtisha: umbali. Ukiwa kilomita ya 24 na mpando ndio kwanza umeanza, kuwaza kilomita 18 zilizobaki ni kujikatisha tamaa. Kuwaza kituo cha maji kinachofuata kunawezekana.

Ukubwa wa kipande lazima upungue kadiri unavyochoka. Mpaka kilomita ya 20, kipande cha kilomita 5 kinatosha, na akili ipumzike. Kwenye mpando wa Mweka, shuka hadi kipande cha kituo kwa kituo, au kilomita mbili. Ukifika pabaya zaidi, kipande kiwe nguzo ya umeme, kona, mti ule mkubwa mbele. Kosa la kawaida ni kuanza na vipande vidogo mapema. Ukianza kuhesabu nguzo kwenye kilomita ya 15, utakuwa umeichosha mbinu yenyewe kabla hujaihitaji, na kilomita ya 35 itakukuta huna pa kushuka tena.

Kipande cha mwisho kabisa ni hatua. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25, ameeleza kwamba huhesabu hadi 100 mara tatu na kujua maili moja imepita. Kwa mkimbiaji wa kawaida hesabu ni nyingine, na ni vizuri kuijua yako. Chukua mtu anayepiga hatua 170 kwa dakika. Akihesabu mguu wa kushoto pekee, mia moja inamchukua kama sekunde 70. Kwa kasi ya dakika 6 kwa kilomita, hizo ni karibu mita 200. Kwa hiyo mia tano za mguu wa kushoto ni kilomita moja, na hata akisahau yupo mia ya ngapi, anaanza upya bila hasara. Kwenye mpando, ambako kasi inashuka, mia zitaongezeka. Hilo alijue mapema asije akadhani amesimama.

Vipande vina udhaifu wa aina mbili. Kwanza ni mapatano mabaya. "Nikifika kile kituo nitatembea" ni ahadi, na mwili utakudai utakapofika. Sema "nikifika kile kituo nitaamua." Tofauti inaonekana ndogo, lakini mara nyingi ukifika, ukanywa, hali huwa tofauti kidogo na ulivyoiogopa. Kama mpango wako tangu nyumbani ni kutembea sekunde 30 kila kituo cha maji, hilo ni jambo jingine na halina ubaya. Mpango uliowekwa ukiwa na akili timamu haulingani na mapatano ya kilomita ya 36.

Pili ni saa ya mkononi. Saa hizi hupima njia uliyoikimbia wewe, pamoja na kila kona uliyoipanua na kila mtu uliyemzunguka, tena kwa makosa yake ya kipimo. Mwishoni mwa marathoni mara nyingi inakuwa imetangulia vibao vya njiani kwa mita mia kadhaa. Mtu aliyegawa vipande vyake kwa saa atasoma 42.2 huku mstari wa mwisho hauonekani, na hakuna kitu kinachovunja moyo kama hicho. Kuanzia kilomita ya 30, gawa kwa vibao vya barabarani.

Kauli

Kauli inatibu ugumu, si umbali. Ushahidi wake ninaouamini zaidi ulichapishwa mwaka 2014 na Anthony Blanchfield, Samuele Marcora na wenzao. Walichukua watu 24 wakaendesha baiskeli ya maabara kwa nguvu ileile mpaka washindwe. Nusu yao wakafundishwa kujiambia maneno, wakayafanyia mazoezi wiki mbili, kisha wote wakarudia jaribio. Waliofundishwa walitoka dakika 10 na nusu hivi wakafika dakika 12 na nusu, na katikati ya jaribio waliuona mzigo uleule kuwa mwepesi kuliko walivyouona mwanzo. Wenzao hawakubadilika. Ni kweli, ile ni baiskeli na ni dakika chache, si saa ya nne barabarani, kwa hiyo usitarajie ongezeko kama hilo kwenye muda wako wa marathoni. Nachukua mambo mawili tu: kwamba maneno yanagusa hisia ya ugumu yenyewe, na kwamba watu wale walichagua maneno yao wenyewe na kuyazoea kabla ya siku.

Hili la kuyazoea ndilo watu hulidharau. Kauli uliyoiokota jana usiku kwenye picha ya mtandaoni itapotea kilomita ya 33, kwa sababu kichwa kilichochoka hakikumbuki kitu kipya. Kauli inayofaa huwa imeshatumika kwenye mazoezi magumu hadi imeungana na hatua. Iwe fupi na ikubali kupigwa na mguu. "Songa mbele" ina mapigo mawili, moja kwa kila mguu wa kushoto unaotua, na inakaa vizuri hata ukihema. "Bado nipo" nayo inakaa. Sentensi ndefu kuhusu ushindi na ndoto haitoki kinywani wala kichwani wakati huo.

Iwe pia ya kweli. Ukijiambia "siumii" wakati mapaja yanawaka, unaanzisha ubishi na mwili wako na utashindwa. "Inauma, na naenda" haina wa kuibishia. Na iseme unachotaka kifanyike. "Usisimame" inakuletea picha ya kusimama.

Jambo dogo lakini la kujaribu ni nafsi ya kitenzi. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, wa wanaume 16 walioendesha baiskeli kilomita 10, uliwalinganisha walipojiambia kwa "mimi" na walipojiambia kwa "wewe". Kwa "wewe" walikuwa na kasi zaidi kwa takribani asilimia 2, bila kuona wamejituma zaidi. Watu 16 ni wachache. Lakini "unaweza, panda" haina gharama kuijaribu badala ya "naweza", na wengi ninaowafahamu husema inasikika kama sauti ya kocha aliye pembeni ya barabara.

Udhaifu wa kauli ni kwamba inachakaa. Ukiirudia kilomita nane mfululizo inakuwa kelele tu. Naiona kuwa dawa ya dakika tatu hadi tano, kisha inaachwa ipumzike. Na haina msaada wowote kwa mtu anayekimbia vibaya: itampa moyo wa kuendelea kujiumiza vilevile.

Mkao

Mbinu hii ndiyo yenye faida kubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Mwaka 1977 William Morgan na Michael Pollock waliwahoji wakimbiaji wa juu wa Marekani wakidhani wataambiwa kwamba mabingwa hujisahaulisha maumivu kwa kuwaza mambo mengine. Wakakuta kinyume. Wale wa juu walikuwa wanausoma mwili muda wote: miguu ikoje, pumzi ikoje, je, nimekaza mahali pasipotakiwa?

Kwa hiyo watu wakahitimisha kwamba kila mtu achunguze mwili wake. Hapo ndipo inapoharibika. Linda Schücker na wenzake, Ujerumani, walichapisha mwaka 2009 jaribio la wakimbiaji waliokimbia kasi moja huku wakielekeza akili mahali tofauti. Walipoangalia mazingira, mwili ulitumia oksijeni kidogo. Walipofikiria namna miguu inavyokwenda, matumizi yakapanda. Walipofikiria upumuaji wao, yakapanda zaidi. Kitu ambacho mwili unakifanya wenyewe, ukikiingilia, unakiharibu.

Mabingwa wanasoma mwili na kuuachia. Mkimbiaji mpya anauendesha. Njia ya salama ni kuweka alama moja ya mkao, kwa muda mfupi, mahali ambapo kweli kuna kitu cha kurekebisha. Mabega yamepanda hadi masikioni? Yashushe, pumua nje kwa nguvu mara moja, basi. Mikono imekunjwa ngumi? Legeza vidole kama umeshika kifaranga. Uso umekunjamana? Ufungue. Hili la uso si urembo: Eliud Kipchoge alionekana akitabasamu mara kwa mara kwenye jaribio la kukimbia marathoni chini ya saa mbili kule Monza, Italia, mwaka 2017, alilolimaliza kwa saa 2:00:25, na si kwa sababu alikuwa anastarehe. Mwaka uliofuata Noel Brick na wenzake walichapisha jaribio la wakimbiaji 24, na waliotabasamu walitumia oksijeni pungufu kwa asilimia 2 hadi 3 kuliko walipokunja uso. Mimi silazimishi tabasamu. Taya likilegea inatosha.

Pumzi iache. Ukijikuta unahesabu kuvuta na kutoa hewa kwenye mpando wa Mweka, hamisha macho: mgongo wa mtu aliye mbele, au barabara mita 10 hadi 15 mbele yako.

Mahali ambapo mkao unashinda mbinu nyingine zote ni kwenye mteremko baada ya geuzo. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavuta huku inarefushwa, na kazi ya aina hiyo ndiyo inayoichana misuli kwa uchanachana mdogo mdogo. Ukirefusha hatua na kutua kwa kisigino mbali mbele ya mwili, kila hatua ni breki, na una maelfu ya hatua za kwenda. Hapo kauli haikusaidii, kwa sababu chanzo cha maumivu ni kitu unachoweza kukibadilisha. Fupisha hatua, ziwe za haraka, mguu utue karibu na chini ya kiuno, mwili uegemee mbele kidogo kuanzia vifundoni. Utajua umepatia kwa masikio: vishindo vya viatu vinapungua. Vikiendelea kusikika pa, pa, pa, bado unafunga breki.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Vipande | Kauli | Mkao |
|---|---|---|---|
| Inatibu nini | Woga wa umbali | Hisia ya ugumu | Kukaza na kukimbia vibaya |
| Inafaa wapi | Mpando mrefu | Kilomita za mwisho, kona mbaya | Mteremko |
| Inadumu | Muda mrefu, ukipunguza ukubwa | Dakika chache | Sekunde 20 hadi 30, kisha rudia |
| Ishara inakudhuru | Unapiga hesabu kila dakika | Unairudia bila kuisikia | Unagundua maumivu mapya kila ukikagua |
| Maandalizi | Kidogo | Wiki kadhaa | Mazoezi ya mteremko |

Ningefanyaje kuanzia geuzo

Tuseme mkimbiaji amegeuza kilomita ya 32 kwa saa 3 na dakika 30. Zimebaki kilomita 10 na kidogo. Akishuka kwa dakika 6 kwa kilomita atamaliza kwa takribani saa 4 na dakika 31.

Kilomita tatu za kwanza namshauri asijiambie chochote. Akili iende kwenye hatua fupi na masikio yasikilize viatu. Kishawishi hapa ni kuachia mbio kwa furaha ya kumaliza mpando, na anayeachia ndiye huonekana kilomita ya 38 akishuka kinyumenyume kwa sababu mapaja yamekataa.

Kuanzia kilomita ya 35 anahamia kwenye vipande: kibao hadi kibao. Katika kila kibao anakagua mara moja mabega na mikono, kisha anaachana navyo. Ikifika kilomita ya 38 au 39, ambapo kibao hadi kibao kunaonekana mbali, anashuka kwenye mia za mguu wa kushoto, tano kwa kilomita. Kauli ameitunza mpaka sasa. Anaitoa pale hesabu inapoanza kumponyoka, na ataiona ina nguvu kwa sababu hajaichosha.

Mwenye marathoni nyingi miguuni anaweza kugeuza mpangilio huu. Lakini kwa njia ya tambarare, kama ya Dar, ningepunguza mkao na kuongeza vipande, kwa kuwa hakuna mteremko wa kukuchana na kinachochosha zaidi ni kufanana kwa barabara.

Pale ambapo hakuna kati ya hizi inayofaa

Mbinu zote tatu ni za maumivu yaliyotapakaa, ya pande zote mbili, yanayopungua ukipunguza kasi. Maumivu makali ya sehemu moja, ya upande mmoja, yanayokufanya uchechemee, hayatakiwi kushindwa kwa kichwa. Kuchechemea ndiyo alama yangu: hatua ikibadilika na hairudi hata baada ya kutembea dakika mbili, acha. Maumivu ya kifua, kuyumba, kuchanganyikiwa, au kusikia baridi na kusisimka mwili juani, simama hapohapo na uite watu wa huduma ya kwanza.

Kuna pia njaa inayojifanya udhaifu wa moyo. Mtu akianza kuona kila kitu hakina maana, hasira bila sababu, miguu haina nguvu lakini haiumi sana, mara nyingi ameishiwa sukari mwilini. Kauli haina wanga. Kinachotakiwa ni jeli, soda au glukosi pamoja na maji, na kilichotakiwa zaidi ni kula mapema, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa tangu saa ya kwanza. Akisubiri dakika 10 hadi 15 baada ya kula, ndipo ajaribu tena mbinu yake.

Kujua ipi inakufaa, tenga mazoezi marefu matatu ya wikiendi, na kwenye kilomita 4 za mwisho za kila moja tumia mbinu moja tu bila kuchanganya. Ile ya mkao uifanyie mahali penye mteremko. Ukifika nyumbani andika vitu viwili: kasi ya kila kilomita kati ya hizo nne, na ugumu ulivyouona kwa kipimo cha 1 hadi 10. Mbinu iliyokuachia kasi ileile kwa namba ndogo ya ugumu ndiyo ya kuipa kilomita nyingi zaidi siku ya mbio.